Kalenda ya Ukutani: Kupanga Siku, Sikukuu na Nafasi ya Kuandika

Kalenda ya ukutani inayokusudiwa kuandikwa ina kazi mbili zinazogombea karatasi moja. Inatakiwa isomeke na mtu aliyesimama mlangoni, na papo hapo iuachie mkono nafasi ya kuandika “kikao saa nne” ndani ya siku inayohusika. Tarakimu kubwa hufaa kwa kazi ya kwanza, uwazi hufaa kwa ya pili, na kila kimoja kikizidi hukila kingine. Kwa sababu hiyo upangaji wa kalenda ya namna hii hauanzi na picha wala rangi. Huanza na kisanduku cha siku moja, kisha ukurasa mzima hujengwa kukizunguka.

Mfano unaofuatwa hapa ni kalenda ya mwaka 2027 kwa ofisi ya chama cha akiba na mikopo nchini Tanzania. Ni karatasi za A3 zilizosimama wima, kila mwezi na ukurasa wake, jalada juu, zote zimefungwa kwa waya wa spairo upande wa juu. Zitaning’inizwa ukutani, na wahudumu wataandika humo tarehe za vikao, za marejesho ya mikopo na za likizo zao.

Mwezi wenye wiki nyingi ndio unaoamua

Jambo la kwanza kuamuliwa ni siku inayoanza wiki. Kalenda za Afrika Mashariki hutumia mitindo miwili: zipo zinazoanza Jumapili na zipo zinazoanza Jumatatu. Kwa ofisi, kuanza Jumatatu kuna faida, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili hukaa pamoja mwisho wa mstari na siku za kazi hazikatwi. Lakini uamuzi huu hubadilisha pia idadi ya mistari ya wiki katika kila mwezi, na hapo ndipo wengi hukwama wakiwa wamekwisha kuchora nusu ya mwaka.

Hesabu yake ni nyepesi. Huhesabiwa visanduku vitakavyobaki vitupu kabla ya tarehe mosi, kisha hujumlishwa siku za mwezi. Jumla ikiwa 28, mwezi unahitaji mistari minne. Kuanzia 29 hadi 35, mitano. Ikifika 36 au 37, sita. Tarehe 1 Januari 2027 ni Ijumaa, kwa hiyo visanduku vinne hutangulia vikiwa vitupu, na 4 na 31 ni 35. Januari inatosha kwenye mistari mitano bila kubakiza kitu. Februari inaanza Jumatatu na ina siku 28, hivyo inajaza mistari minne kamili. Mei inaanza Jumamosi: 5 na 31 ni 36, na tarehe 31 inasukumwa peke yake kwenye mstari wa sita. Agosti inaanza Jumapili: 6 na 31 ni 37, nayo inadai mistari sita. Wiki ingeanzishwa Jumapili, Agosti ingeshuka hadi mistari mitano, ila Januari na Oktoba zingepanda hadi sita. Hakuna mtindo unaoukwepa mstari wa sita mwaka huo.

Njia ya zamani ya kuuepuka ni kubana tarehe mbili katika kisanduku kimoja, kwa mfano 24 na 31 zikitenganishwa na mstari wa mshazari. Kwa kalenda ya kutazama tu haina madhara. Kwa kalenda ya kuandikwa ni kasoro kubwa, maana siku hizo mbili hupata nusu ya nafasi kila moja, na mwisho wa mwezi ndio wakati ofisi ya mikopo ina mengi ya kuandika. Njia ya pili ni kutanua na kubana mistari ili ijaze ukurasa: Februari ipate visanduku virefu na Agosti vifupi. Hapo kurasa hazifanani, na mwandishi hulazimika kubadili ukubwa wa mwandiko kila mwezi. Njia iliyo salama ni kuchora gridi ya mistari sita kwa miezi yote kumi na miwili. Mistari isiyotumika huachwa wazi, na uwazi huo huongezwa kwenye nafasi ya maandishi. Februari 2027, kwa mfano, itabakiwa na mistari miwili mitupu chini ya tarehe 28.

Kuigawa karatasi

Karatasi ya A3 ina upana wa milimita 297 na urefu wa milimita 420. Kingo za pembeni zikipewa milimita 12 kila upande, hubaki 273, ambazo zikigawanywa kwa siku saba hutoa safu zenye upana wa milimita 39 bila sehemu ya ziada. Kwa urefu, mgawanyo unaofaa ni huu: milimita 20 za juu huachwa kwa matundu ya spairo, 40 kwa jina la mwezi na mwaka, 12 kwa majina ya siku, 240 kwa gridi, 12 za kutenganisha, 84 kwa nafasi ya maandishi chini, na 12 za ukingo wa mwisho. Jumla ni 420. Gridi ya milimita 240 ikigawanywa kwa mistari sita hutoa urefu wa milimita 40 kwa kila mstari, kwa hiyo kisanduku cha siku ni karibu mraba: 39 kwa 40.

Sasa kisanduku chenyewe hupimwa. Tarakimu ya tarehe yenye kimo cha milimita 9 hivi, yaani herufi za pointi 36, husomeka vizuri kutoka hatua mbili tatu. Ikiwekwa kwenye pembe ya juu kushoto badala ya katikati, sehemu iliyo kulia kwake hubaki huru kwa neno fupi kama “likizo”. Pamoja na uwazi wa juu na chini, tarakimu hiyo hutumia milimita 13. Chini kabisa hutengwa milimita 5 kwa jina la sikukuu. Katikati hubaki milimita 22, ambazo kwa mwandiko wa kawaida wa kalamu ya wino ni mistari mitatu ya kubana au miwili ya starehe. Kipimo hicho kinatosha “Kikao cha bodi, saa 4”. Hakitoshi ajenda ya kikao hicho, na ndiyo sababu ukurasa unahitaji nafasi nyingine ya maandishi nje ya gridi.

Majina ya siku yana tatizo lake. Siku tano kati ya saba zinaanza na herufi zilezile, kwa hiyo kukata herufi tatu za mwanzo hutoa “Jum” mara tano. Safu yenye milimita 39 inabeba jina zima kama “Jumatano” katika herufi za pointi 18, na hakuna haja ya kulifupisha. Ufupisho unapohitajika, kama kwenye vikalenda vidogo vya miezi jirani, hutumika mtindo uliozoeleka wa J’tatu, J’nne, J’tano, Alh, Ij, J’mosi, J’pili.

Anayetumia programu ya majedwali anaweza kupata tarehe zote bila kuzihesabu kwa vidole. Tarehe mosi ya mwezi ikiandikwa katika seli A1, fomula hii hutoa Jumatatu inayoanza mstari wa kwanza:

```
=A1-WEEKDAY(A1,2)+1
```

Kwa Januari 2027 jibu litakuwa 28 Desemba 2026. Kila seli inayofuata huongeza siku moja hadi visanduku 42 vijae. Tarehe za mwezi uliopita na mwezi ujao huondolewa baadaye, kwa kuwa katika kalenda ya kuandikwa zikibaki, hata kwa rangi iliyofifia, mtu huandika miadi ya 30 Aprili kwenye ukurasa wa Mei, na mwenzake anayetazama Aprili haioni.

Sikukuu zisizohama na sikukuu zinazohama

Sikukuu za umma hupangwa katika makundi matatu, kwa sababu kila kundi lina uhakika wake. La kwanza ni zile zenye tarehe moja kila mwaka. Kwa Tanzania ni Mwaka Mpya 1 Januari, Mapinduzi ya Zanzibar 12 Januari, kumbukumbu ya Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Sabasaba 7 Julai, Nanenane 8 Agosti, kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere 14 Oktoba, Uhuru 9 Desemba, Krismasi 25 Desemba na siku inayoifuata. Kinachobadilika ni siku ya wiki tu. Mwaka 2027 Muungano unaangukia Jumatatu, Mei Mosi Jumamosi na Nanenane Jumapili.

Kundi la pili ni Pasaka na siku zinazoambatana nayo. Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kikanisa ulio tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hiyo huchezea kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Ingawa inahama, inahesabika miaka mingi kabla, na inaweza kuchapwa bila wasiwasi. Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi, Ijumaa Kuu ni 26 Machi na Jumatatu ya Pasaka ni 29 Machi.

Kundi la tatu ni sikukuu za Kiislamu, nazo hutaka uangalifu zaidi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka sikukuu hizi hurudi nyuma siku kumi na moja hivi katika kalenda ya kawaida. Zaidi ya hapo, mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na jibu hupatikana usiku wa mwezi kuandama. Nchini Tanzania Mufti ndiye hutangaza, na nchini Kenya ni Kadhi Mkuu. Hesabu za wanajimu zinaiweka Idi el-Fitri ya mwaka 2027 karibu na 10 Machi, Idi el-Hajj 16 au 17 Mei, na Maulidi karibu na 15 Agosti. Kalenda inayochapwa miezi kadhaa kabla haiwezi kudai zaidi ya hapo.

Njia ya kuchapa siku hizi bila kumdanganya msomaji ni kuzitofautisha kwa alama. Sikukuu zenye uhakika huwekewa tarakimu nyekundu. Zinazosubiri mwezi huwekewa tarakimu nyeusi yenye duara jekundu lililo wazi ndani, na chini ya ukurasa huandikwa kwamba tarehe hiyo inategemea kuandama kwa mwezi. Tangazo likitoka, mwenye kalenda huijaza duara ya siku iliyotangazwa kwa kalamu nyekundu. Penye shaka ya siku mbili, duara huwekwa kwenye zote mbili. Idi el-Fitri ikiwa na mapumziko ya siku mbili, duara tatu mfululizo, kuanzia 9 hadi 11 Machi, hazizidi kiasi.

Kalenda itakayotundikwa pia Nairobi au Mombasa haiwezi kunakili orodha ya Dar es Salaam. Kenya ina Madaraka 1 Juni, Mazingira 10 Oktoba, Mashujaa 20 Oktoba na Jamhuri 12 Desemba, na sheria yake inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata huwa ya mapumziko. Mwaka 2027 tarehe 10 Oktoba na 12 Desemba zote ni Jumapili, kwa hiyo Jumatatu za 11 Oktoba na 13 Desemba nazo hupakwa alama. Mpangaji asiyeijua kanuni hiyo hutoa kalenda isiyo na kosa la tarehe hata moja, lakini inayomwita mfanyakazi ofisini siku ya mapumziko.

Siku za maadhimisho zisizo za mapumziko, kama Siku ya Wanawake Duniani tarehe 8 Machi nchini Tanzania, huandikwa kwa herufi ndogo nyeusi bila kubadili rangi ya tarakimu. Zikipewa nyekundu, rangi hiyo hupoteza maana yake, na msomaji hulazimika kuuliza kila mara kama ofisi imefungwa.

Rangi isiyozuia kalamu

Wengi hupenda kujaza visanduku vya Jumamosi na Jumapili rangi nzito. Kwa kalenda ya kuandikwa, rangi ya usuli haitakiwi kuzidi asilimia 10 ya kijivu, kwa kuwa ikizidi hapo maandishi ya penseli na kalamu ya bluu huanza kumezwa. Kwa sababu hiyohiyo picha iliyofifishwa nyuma ya gridi haifai kabisa: hata ikionekana hafifu kwenye kompyuta, karatasini hugeuka madoa chini ya mwandiko.

Nyekundu nayo ina mipaka. Mashine ya rangi nne huitengeneza kwa kupiga wino wa majenta na wa njano, mmoja juu ya mwingine. Karatasi ikisogea kidogo tu kati ya wino mmoja na mwingine, herufi ndogo hupata kivuli cha rangi pembeni na kuonekana zimetikisika. Tarakimu ya pointi 36 ni nene kiasi cha kuficha kasoro hiyo, lakini jina la sikukuu la pointi 8 haliwezi. Kwa hiyo nyekundu hubaki kwenye tarakimu, na maneno yote madogo huchapwa kwa wino mweusi peke yake. Isitoshe, ukurasa ukitolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, nyekundu hugeuka giza kama nyeusi. Mstari mnene chini ya tarakimu ya sikukuu huihifadhi maana hata hapo, na humsaidia pia asiyetofautisha rangi vizuri.

Nafasi ya maandishi na karatasi yenyewe

Nafasi ya milimita 84 chini ya gridi hugawanywa mara mbili. Sehemu kubwa ya kushoto, upana wa safu tano, huwa na mistari ya kuandikia iliyoachana kwa milimita 8. Kichwa kifupi kikichukua milimita 4, hubaki 80, yaani mistari kumi. Sehemu ya kulia, upana wa safu mbili, hubeba kikalenda cha mwezi uliopita na cha mwezi ujao, ili anayepanga marejesho ya wiki sita mbele asilazimike kufunua kurasa. Mistari ya kuandikia huchorwa kijivu chenye unene wa nusu pointi. Mstari mwembamba zaidi ya huo ukifanywa kijivu huchapwa kama vitone vilivyoachana, na huonekana umekatika.

Juhudi zote hizi zinaweza kuharibiwa na karatasi. Kalenda nyingi za matangazo huchapwa kwenye karatasi yenye mng’ao kwa sababu picha hupendeza juu yake, lakini wino wa kalamu haunyonywi humo: hukaa juu, na kiganja kinachopita huupaka kote. Kalenda ya kuandikwa hutaka karatasi isiyopakwa mng’ao, yenye uzito wa gramu 120 hadi 150 kwa mita ya mraba. Nyepesi zaidi hupenyeza wino wa kalamu nene hadi ukurasa wa nyuma na hujikunja chini kipindi cha unyevu, hasa pwani. Jalada, ambalo haliandikwi, laweza kuwa na mng’ao.

Kuhakiki kabla ya kuchapa

Makosa ya kalenda hutoka sana kwenye faili la mwaka uliotangulia lililobadilishwa jina la mwaka tu. Kuyakamata hakuhitaji kukagua siku 365 moja moja. Katika mwaka usio mrefu, Januari na Oktoba huanza siku moja ya wiki. Februari, Machi na Novemba huanza siku moja. Vivyo hivyo Aprili na Julai, na Septemba na Desemba. Mwaka 2027 makundi hayo huanza Ijumaa, Jumatatu, Alhamisi na Jumatano kwa mpangilio huo. Mei, Juni na Agosti hazina mwenza, nazo huanza Jumamosi, Jumanne na Jumapili. Aidha, 31 Desemba huangukia siku ileile ya 1 Januari, yaani Ijumaa. Kurasa zikipanguliwa na kulinganishwa kwa makundi hayo, kosa la siku moja hujitokeza papo hapo. Hubaki kuhakiki mwisho wa kila mwezi, hususan kwamba Februari haina tarehe 29 na kwamba Aprili, Juni, Septemba na Novemba zinaishia 30.

Hatua inayofuata ni kuchapa ukurasa mmoja kwa ukubwa kamili, na unaofaa ni Machi, wenye Pasaka na Idi kwa pamoja. Kwenye dirisha la kuchapa huchaguliwa asilimia 100 na siyo “Fit to page”, maana chaguo hilo hupunguza ukurasa na kuvifanya vipimo vyote kuwa vya uongo. Rula ikionyesha kisanduku chenye upana wa milimita 37 badala ya 39, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Ukurasa hubandikwa ukutani kwa kimo cha macho, kisha mtu huandika akiwa amesimama, kwa kalamu itakayotumika ofisini. Mwandiko wa kusimama huwa mkubwa kuliko wa mezani. Ukigonga jina la sikukuu, basi tarakimu hupunguzwa kidogo ili nafasi ya katikati iongezeke.

Faili la mwisho hupelekwa kwa mchapaji katika muundo wa PDF wenye fonti zilizofungashwa ndani yake. Penye rangi inayofika ukingoni, kama kwenye jalada, rangi hiyo huvushwa milimita 3 nje ya mpaka wa karatasi pande zote, ili kisu kikikosea kidogo kisiache ukanda mweupe. Kazi ya namna hiyo huchapwa kwenye karatasi kubwa kuliko A3, kama SRA3 ya milimita 320 kwa 450, kisha hukatwa. Kurasa za ndani zenye kingo nyeupe hazihitaji ziada hiyo. Mchapaji hupewa pia maelezo mawili ambayo faili haliyasemi: kwamba kurasa huchapwa upande mmoja tu, na kwamba spairo inafungwa upande mfupi wa juu. Asipoambiwa, matundu yanaweza kutobolewa kwenye ubavu mrefu katika kurasa zote.